Mguu Nilioukanda

Majina yote ninayo. La daktari ninalo, la muuguzi wa zahanati ninalo, hata la yule mama aliyekuwa kitanda cha pili akimpungia mdogo wangu upepo kwa kipande cha boksi. Siyaandiki. Wengine wameshakufa, hawawezi kunibishia, na walio hai wana wajukuu zao. Kuandika kwenyewe nilijifunzia ukubwani, kwenye madarasa ya watu wazima, basi mtanivumilia.

Kazi yangu ilikuwa kukanda. Mwanamke akijifungua huku kwetu Temeke, kabla hajafikisha arobaini, nilikuwa naitwa na ndoo yangu ya maji ya moto na chupa ya mafuta ya nazi. Nikimaliza wazazi, nilikuwaga nakanda na wengine: mgongo ulioteguka, shingo iliyokaza, miguu ya wanawake wanaoshinda wamesimama sokoni. Mikono hii ilijulikana. Watu walisema nikimkanda mtu jioni, asubuhi anatwanga.

Mdogo wangu, tuliyenyonya naye ziwa moja, alikuwa akikaa Kunduchi, anakaanga samaki pale wanaposhushwa. Alikuwa na mdomo huyo! Wavuvi walimwogopa kuliko polisi. Miaka ile ya tisini ilipokuwa imefika katikati, na maduka ya dawa ya watu binafsi yameanza kufunguliwa kila mtaa, ndipo alipoanza kutokwa damu wakati si wake. Akaificha. Alipokuja kuisema ilikuwa tayari saratani ya shingo ya kizazi, na imeshatambaa.

Wakampangia mionzi, siku tano kila wiki. Kutoka Kunduchi mpaka hospitali ni mbali, nikamwambia hamia kwangu. Akaja na kikaango chake. "Nisije nikafa kwa mapishi yako, dada," akasema.

Wiki ya tatu ya mionzi mguu wake wa kushoto ukavimba. Leo ulikuwa mguu, kesho kutwa ukawa gogo, kuanzia unyayoni mpaka pajani, umekaza, una joto. Wa kulia haukuwa na lolote.

Jirani yangu, mjane wa mvuvi, akaja kuuangalia. Akaubonyeza kwa kidole.

"Matende haya," akasema. "Pwani yote sie tunayajua."

"Matende ya mguu mmoja?" mdogo wangu akauliza.

"Ulitaka mangapi? Huanza na mmoja."

"Basi nitauza mmoja, huu mwingine nibaki nao."

Tukacheka. Na mie nikaona kazi imekuja kwangu. Mionzi sikuijua, saratani sikuijua, kila siku nilikuwa nimekaa kwenye benchi la hospitali kama mzigo uliosahauliwa. Lakini mguu uliovimba? Huo ndio wangu. Nikachemsha maji, nikapasha mafuta nikatia karafuu, nikaanza kumkanda. Nilianzia chini, nikawa napandisha, nasukuma kuelekea juu, jinsi nilivyofundishwa na mama yetu. Alikuwa akiuma kanga. Nikamwambia, vumilia, maji machafu yanaondoka.

Siku tatu nilimkanda. Hospitalini hatukusema, maana tuliona wao ni wa kizazi, mambo ya mguu yana wenyewe.

Siku ya tatu, saa nne ya asubuhi, nimefika pajani, akanishika mkono. Si kwa maumivu ya mguu. Macho yalimtoka. "Dada, pumzi," akasema. Kila akivuta hewa alijishika ubavuni, kichomi kinamchoma, moyo unamwenda mbio mpaka nauona kwenye shingo. Akakohoa, na kwenye kanga nikaona makohozi yana damu. Jirani akaita gari.

Daktari aliyetupokea wodini alikuwa binti mdogo tu, umri wa mwanangu wa kwanza. "Shikamoo mama," akasema huku ameshamwekea kipimo kifuani. Akaufunua mguu, akaupima kwa utepe wa fundi cherehani, wa kushoto kisha wa kulia. Akanusa.

"Karafuu?"

"Na mafuta ya nazi," nikasema. "Nimekuwa nikimkanda. Ni matende."

Hakunigombeza. Ingekuwa afadhali angenigombeza. Walipomaliza kumtundikia dripu akanivuta pembeni, tukakaa kwenye benchi.

"Mama, matende hayaji kwa siku mbili. Huu mguu una donge la damu ndani ya mshipa. Damu imeganda mle."

"Damu inagandaje mtu yu hai?"

"Damu yetu sote inajua kuganda. Ukijikata na kisu inaziba yenyewe. Sasa saratani inatoa vitu vyake kwenye damu, inaidanganya damu kwamba kuna jeraha la kuziba. Inakuwa na haraka ya kuganda. Halafu ule uvimbe umekaa nyongani, unaubana mshipa unaorudisha damu kutoka mguuni, kwa hiyo damu inatuama. Na yeye anashinda amelala, hali, hanywi. Vyote hivyo vimekutana mguu mmoja."

"Na kifua?"

"Kipande cha donge kimekatika, kimepanda na damu mpaka kwenye mapafu."

Nikaitazama mikono yangu. Ilikuwa bado inang'aa mafuta.

"Ni mie," nikasema.

"Kukanda mguu wa namna hii ni hatari, hilo sikufichi, usiuguse tena. Lakini donge hukatika hata mtu akinyanyuka kwenda msalani. Mama, mimi sijui, na wewe hutajua."

Alisema kwa wema. Nimeishi na hilo neno miaka yote hii, wewe hutajua, na sijaona dawa yake.

Mdogo wangu hakufa siku ile. Dawa ya dripu ile ilikuwa ya kuzuia damu isizidi kuganda. Haiyeyushi donge, daktari alisema, inalizuia lisikue ili mwili wenyewe ulimalize taratibu. Baadaye wakamchanganyia na vidonge, maana vidonge vinachelewa kushika, dripu ndiyo inamlinda kwanza. Siku vidonge viliposhika wakaiondoa dripu, tukarudi nyumbani na masharti. Damu ipimwe mara kwa mara, waone inachukua muda gani kuganda: ikiganda upesi mno donge linarudi, ikichelewa mno atavuja. Mboga za majani asizile leo rundo kesho hamna, ale kwa kiasi kilekile. Na asimeze dawa nyingine bila kuuliza.

Lakini yeye mchicha ale kwa kiasi gani, na chakula chenyewe kinarudi? Siku moja anamaliza sahani ya matembele, siku mbili anakunywa chai tu. Kipimo kikawa leo juu, kesho chini.

Kosa la pili lilikuwa letu sote. Alikuwa anatoa uchafu wenye harufu, ugonjwa ule una harufu, na yeye aliyekaa na samaki maisha yake yote alikuwa analia kwa ajili ya harufu yake mwenyewe. "Mie nanuka kuliko dagaa," ananiambia, hataki wageni. Nikaenda duka la dawa la mtaani, nikaeleza, wakanipa vidonge vya kuondoa harufu. Ni dawa nzuri, hata hospitali huitoa. Harufu ilipungua. Siku ya tano damu ikaanza kumtoka, ikalowesha godoro, na fizi nazo zikawa zinavuja.

Daktari aliposikia jina la dawa akafumba macho. "Hiyo inavipa nguvu vile vidonge vya damu," akasema. "Ni kama kameza mara mbili."

Wakasimamisha vyote, wakamchoma dawa ya kurudisha kuganda, wakamwongeza damu. Mwanangu mmoja na jirani yule aliyesema ni matende ndio walioitoa. Damu ilipotulia daktari akanikalisha tena kwenye lile benchi. Hapo nilikuwa nalijua ubao kwa ubao.

"Nikimwacha bila dawa, donge litarudi, saratani bado ipo. Nikimpa, anaweza kuvuja pale penye kidonda," akasema. "Vidonge tunaviacha. Kwake havikai, hali vizuri na dawa zake ni nyingi. Nitarudi kwenye dawa ile ya dripu, ila sasa kwa sindano, chini ya ngozi ya tumbo, asubuhi na jioni. Chakula hakiigusi, na akianza kuvuja naisimamisha, baada ya saa chache imeisha mwilini."

"Hakuna ya mara moja kwa siku?"

"Nchi za nje wanayo mpya. Kwetu kuipata ni shida, na ingepatikana pia ningesita. Ile hutolewa na figo, na figo zake uvimbe umeanza kuzibana."

Nilimwuliza nisaidie nini. Niliuliza kweli, kama mtu anayeomba jembe.

"Uwe unamleta zahanati achomwe. Na mguu usiuguse."

Basi nikawa mtu wa kumpeleka. Asubuhi zahanati, jioni zahanati, tumbo lake likajaa alama za bluu kama kanga ya zamani. Mguu ulipungua kidogo, haukurudi ulivyokuwa. Ulikuwa unamuuma. Na mchana mmoja, amelala sebuleni, nimetoka kumkanda mzazi nyumba ya tatu, akaisikia harufu ya mafuta mikononi mwangu.

"Nikande, dada."

"Daktari kakataa."

"Daktari hajalala na huu mguu. Taratibu tu."

"Siwezi."

"Watoto wa watu unawakanda." Hakuwa anatania. "Mie tumenyonya ziwa moja, unaniangalia tu."

Nikamweka mguu juu ya mto. Nikamkanda viganja vya mikono, kidole kimoja kimoja, vigumu vile vya kushika mwiko wa moto. Aliniachia, lakini uso aliugeuzia ukutani. Tangu siku ile sikumkanda mzazi tena. Wakija kuniita nasema mikono inauma.

Alifariki wiki chache baadaye, alasiri, tunajitayarisha kwenda kwenye sindano ya jioni. Alivuta pumzi mbili za juujuu, ya tatu haikuja. Daktari alisema huenda ni donge jingine, huenda ni figo, huenda mwili ulichoka. Hakutaka kuniongopea.

Kwetu maiti ya mwanamke huoshwa na wanawake, na ndugu wa karibu ana haki ya kwanza. Mwoshaji mkubwa alikaa kichwani, akanielekeza: anza kulia, kisha kushoto. Nikaosha upande wa kulia. Nilipofika kushoto nikasimama. Mguu ulikuwa bado mnene, umepoa.

"Mwagia maji, bibie, usiogope," mwoshaji akasema. "Haumii tena."

Nikapitisha maji, kutoka pajani kushuka mpaka unyayoni. Mkono wangu ulikuwa juu ya maji, si juu ya nyama. Waliniambia sugua kidogo, tumtakase. Sikuweza kukaza kidole hata kimoja.