Siku Mbili za Uzazi, Siku Nne za Kilio

Nilimuua kambo kwa simu, asubuhi na mapema, nikiwa nimesimama mbele ya maternite, hospitali ya kuzalia, na kipande cha mkate mkononi. Kambo ni nyanya yangu, mama yake baba. Wakati nilipokuwa ninamuua, alikuwa nyumbani kwetu Hewa Bora akitwanga sombe, majani ya muhogo, mzima kabisa, na bila shaka ananitukana kwa sababu sikuchota maji.

Ngojeni nieleze, mtacheka baadaye. Mwaka ule kila kitu kilikuwa kinaanguka. Vita ya mashariki ilifunga mabarabara, franka iliyeyuka mfukoni kama sabuni, walimu wetu waligoma. Baba ni makanika wa kampuni ya malori, na nusu ya malori hayo yalikuwa yamelala mpakani Kasumbalesa bila mzigo. Ku garage, kila wiki kulikuwa na mtu anaitwa ofisini, na anatoka na overoli yake imekunjwa ndani ya mfuko. Hakuna aliyethubutu kukosa kufika kazini. Watu walikuja na malaria yao, wakatetemeka chini ya malori.

Na ndani ya mwaka huo mama akashikwa na uchungu alfajiri, mwezi mzima kabla ya wakati wake. Baba alimbeba mpaka kwenye teksi. Tulipofika maternite, akanitupia simu.

"Piga ku kazi kabla bafungue mulango. Ambia shefu wa personeli kama mama yako anazala, miye nabakia hapa."

Akaingia na mama. Kazi nyepesi, hata mtoto wa miaka mitano angeiweza. Ubaya wangu ni kwamba nilikuwa na akili ya ziada. Ukutani mwa garage palibandikwa konje za sheria, siku za ruhusa zenye malipo, nami nilizisoma mara nyingi nikimngoja baba: mke wako akizaa, siku mbili za kazi, mzazi wako akifa, siku nne. Nikawaza, kumbe kifo kinalipa kuliko uzazi! Na huyu mtoto anayekuja mbio hivi, siku mbili zitamtosha? Basi shefu wa personeli, mkubwa wa mambo ya wafanyakazi, alipopokea simu, nikalegeza sauti.

"Mama shefu, kambo yetu ametutoka. Mama ya baba."

"Oh, pole, mutoto! Ambia papa yako abakie. Siku ine ni zake."

Nikajipongeza. Nikamaliza mkate.

Nilichosahau ni desturi ambayo kila mtu wa Lubumbashi anaijua: mfanyakazi akifiwa, kazi yote imefiwa. Mchana nilikuwa nimerudi nyumbani kumchukulia mama vitenge, nikasikia vilio kwenye kona ya barabara. Pikapu ya kampuni ikaingia mbele ya parsele yetu, kiwanja cha nyumba: viti, turubai, mfuko wa unga, makanika wanne, na mama shefu mwenyewe amejifunga kitenge juu ya nguo za ofisi. Wanawake wawili wa kantini walikuwa wanalia kama inavyopasa, mikono kichwani.

Kambo akaacha mtwangio. Kwetu mtu haulizi kwanza. Unalia kwanza, halafu unauliza. Kambo akajitupa katikati yao, akalia kwa sauti kuwapita wote. Kweli, alilia vizuri! Mpaka akachoka, akajipangusa.

"Ee batoto bangu! Sasa tunalia nani?"

"Mama ya makanika wetu," akasema mwanamke mmoja wa kantini, bado anashikwa na kwikwi.

Kambo akajitazama miguu, akajitazama mikono.

"Lakini ile njo miye!"

Makanika mmoja alikaa chini juu ya turubai, akacheka mpaka akakohoa. Mama shefu hakucheka. Alinitazama tu, na mimi nikaanza kutazama mfuko wa unga kana kwamba ndio umesema.

"Baba yako aje kesho asubui kutoa maelezo," akasema. "Kudanganya juu ya konje ni kosa nzito. Bantu balifukuzwa juu ya kidogo kuliko hii."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwa akili yangu ya ziada, nilikuwa nimemkunjia baba overoli yake.

Makanika walinisindikiza mpaka maternite. Mtoto alikuwa amezaliwa, msichana, mdogo kama kuku wa kienyeji, lakini analia kwa nguvu. Nikamwambia baba yote, barazani, bila mzaha hata mmoja. Yule makanika aliyecheka akamsogelea.

"Ndugu yetu, iko njia. Mama mudogo pia ni mama. Sema ni mama mudogo wa Kasai alikufa, mutoto alichanganya. Nani ataenda kuangalia Kasai?"

Baba akatikisa kichwa. "Mama mudogo wangu pia iko muzima. Tutaua bangapi juu ya siku mbili zenye kuwa haki yangu?"

Sikuwahi kumwona mrefu hivyo, na baba si mrefu.

Kesho yake tulikwenda pamoja, karatasi ya maternite mfukoni mwake. Patroni, mwenye kampuni, alikuwa ofisini, macho mekundu. Lori lilikuwa linamngoja baba Kasumbalesa, injini wazi.

"Uongo, na tena bila kuomba mbele!" akasema. "Konje inaombwa, haiangukake kama mvua."

"Patroni, uongo utaelezwa. Lakini kuomba mbele, naweza namna gani?" akasema baba. "Ule mutoto hakuniomba ruhusa. Alikuja mwezi moya mbele."

Nikasema mimi sasa. Kwamba baba alinituma kusema ukweli kabla ya kazi kuanza, na mimi nikauza ukweli kwa siku mbili za zaidi. Kwamba baba hakujua. Kwamba kama kuna mtu wa kufukuzwa, wanifukuze, ingawa hawajaniajiri.

Mama shefu akaangalia karatasi ya maternite, halafu akamgeukia patroni.

"Siku ine za kilio nazifuta, hakuna mufu. Lakini siku mbili za uzazi hatuwezi kuzikatala juu ya kukosa kuombwa mbele. Zinachukuliwa wakati mutoto anazaliwa, kampuni inalipa, na hatuzitoe ku konje ya mwaka. Sisi tunaomba tu tujulishwe mbio na tuone karatasi. Makanika alituma neno mbele ya kazi. Mudomo njo ulikuwa mubaya."

"Na uongo?" akauliza patroni.

"Uongo ni wa mutoto. Mutoto hana kontra ya kazi na sisi."

Patroni akapumua. Baba akaomba siku moja ya zaidi, kwa kuwa wauguzi walikuwa bado wanamwangalia yule mdogo. Hapo patroni alikuwa huru kukataa, na nilimwona anafikiria lori lake.

"Hii nakupa," akasema mwishoni, "lakini hii natoa ku konje yako ya mwaka. Na huyu musemaji wako ataosha turubai na viti vyote."

"Asante, Patroni," akasema baba, na akaniwekea mkono begani, mbele ya wote.

Niliosha viti mpaka jua likageuka, na sikuona uchungu. Mfuko wa unga haukurudi. Kambo alisema ni wake, alikwisha kuulilia. Aliupika bukari, ugali wetu, akauchanganya na sombe yake, nikapeleka maternite sahani imefunikwa. Baba alikuwa ameketi kando ya kitanda, katika siku yake ya haki, haogopi simu.

Alikuwa amemsimulia mama yote, hata maneno yangu kule ofisini. Mama akanionyesha nikae, akaniwekea dada yangu mikononi.

"Leo uko mutoto wa baba yako," akasema. "Mushike muzuri. Lakini usimuambie kitu: angali mudogo, ataamini."