Bomba la Mvua la Shoga Yangu

Mjukuu wangu wa kike ni fundi bomba. Kasomea chuo miaka miwili, ana begi lake la spana, na hapa Isevya watu bado wananiuliza mara mbili kama nimesema fundi bomba au fundi cherehani. Nawajibu bomba. Cherehani ingekuwa na raha zaidi kwangu, maana nguo ikikosewa inafumuliwa, lakini ukuta haufumuliwi.

Kazi yake ya kwanza peke yake nilimtafutia mimi. Shoga yangu, Mwarabu wa mtaa wa Ng'ambo ambaye tumejuana tangu tukiwa wasichana wa kuchota maji, alipooza miguu mwaka juzi. Mwanawe, mwenye duka, akamjengea bafu jipya nyuma ya nyumba yao ya zamani, lenye beseni refu la kuogea, hita ya maji, na marumaru nyeupe alizoziagiza Dar es Salaam. Zilikuja hizo hizo, hakuna boksi la akiba. Nikamwambia yule kijana, "Usihangaike kutafuta fundi. Wa kwangu yupo." Akanitazama kidogo. "Mama mkubwa, unamdhamini?" Nikasema namdhamini. Neno limetoka, limekwisha.

Nilikaa pale siku anafunga, kwenye ndoo niliyoigeuza. Ndani ya ukuta aliweka koki ya kuchanganya maji moto na baridi, mafundi wanaiita miksa. Kutoka kwenye miksa bomba moja linapanda hadi bomba la mvua, jingine linashuka hadi mdomo unaojaza beseni. Juu ya mdomo kuna kijiti. Ukikivuta, kinafunga mdomo, maji yanakosa pa kutokea, yanapanda juu. Ukifunga koki kijiti kinaanguka chenyewe.

"Na huku juu kuna nini cha kuyafunga maji yasipande?" nilimuuliza.

"Hakuna, Bibi."

"Hakuna?"

"Hakuna kitu. Kijiti kikiwa chini njia ya juu iko wazi muda wote. Ila maji ni mavivu kama wewe ukitumwa sokoni. Yakiona mlango wa chini uko wazi, hayahangaiki kupanda. Ndiyo maana bomba la kushuka lazima liwe pana, limenyooka, kona moja tu. Ukilibana, maji yanarudi nyuma, na yakirudi nyuma yanapanda."

Nilimkemea kwa ule uvivu wa sokoni, lakini nilielewa. Alifungua maji kwanza yatoe mchanga wa mabombani, ndipo akazungusha tepu nyeupe kwenye nyuzi za bomba na kufunga mdomo. Akajaribu. Chini yalitoka mengi, juu pakavu. Akavuta kijiti, mvua ikanyesha. Mwashi akaja akabandika marumaru.

Kitu kimoja nilikiona siku ile. Ndani ya begi lake kulikuwa na kipande cha bomba chembamba, kimekatwa. Sikuuliza.

Shoga yangu haogeshwi na mtu mwingine. Si binti yake, si mkwe wake. Anasema aibu yake ameshaizoea kwangu na hana nguvu ya kuanza na mwingine. Basi kila Jumatatu, Jumatano na Jumamosi asubuhi nakwenda Ng'ambo, namkalisha kwenye kiti kidogo ndani ya beseni likiwa kavu, maana likiwa na maji linateleza, ndipo nafungua maji na mlango tumeufunga kwa komeo.

Jumatatu ya wiki ya pili, maji yakiwa yamefika vifundoni mwake, tone la baridi likamwangukia shingoni. Akashtuka. La pili, la tatu, kisha ukawa mchirizi kabisa kutoka bomba la mvua, na mdomo wa chini nao unaendelea kutoa. Mkono wake ukateleza kwenye ukingo. Nilimdaka kwa kwapa. Kwa muda tulibaki hivyo, mimi nimemshika kama gunia, yeye anahema.

"Wallahi, mjukuu wako anataka kuniua," akasema.

"Nyamaza. Huna unalojua."

Lakini niliogopa. Mwanawe aliposikia hakucheka. Mjukuu wangu akaitwa mchana ule ule. Alivuta kijiti, akakiangusha. Alifungua mdomo ukutani, akauchungulia kama kuna mchanga au kipande cha tepu kimekwama, hakuna. Akaurudisha, akafungua maji kwa nguvu zote kwa muda mrefu. Bomba la mvua halikutoa hata tone.

Mwenye duka akaweka mikono mfukoni. "Ukija wewe linaona haya?"

"Labda kijiti hakikushuka vizuri, kaka."

"Mama mkubwa, kijiti kilikuwa wapi?"

"Chini," nikasema. Ndiyo kweli yenyewe, kilikuwa chini.

Jumatano, tena. Mchirizi ule ule, na safari hii shoga yangu alikataa kukaa mpaka nilipomfunika mabega kwa kanga. Mjukuu akaja, pakavu. Mwenye duka akaleta fundi mwingine, mzee mmoja aliyefunga mabomba mengi mjini hapa. Naye hakuona tone, lakini alisikiliza hadithi yote akiegemea mlango, akasema, "Maji yakipanda hivyo, chini kumebanwa. Huyu binti kaweka bomba dogo humo ndani. Bomba dogo linavumilia siku, siku nyingine halivumilii."

"Sikuweka," mjukuu wangu akasema.

"Basi ukuta utasema."

Wakapanga Jumamosi, saa nne asubuhi, fundi aje na nyundo na patasi avunje marumaru. Mwenye duka alinifuata mpaka barazani. Hakupandisha sauti, ni kijana aliyelelewa. "Mama mkubwa, akikutwa na bomba dogo humo, hakuna mtu wa mji huu atakayemwita tena. Nakwambia mapema usinilaumu."

Nilitembea kurudi Isevya na kile kipande chembamba kichwani mwangu. Mtu akiona kitu na akakaa kimya, kile kitu kinakua. Nilijiuliza kama alipungukiwa bomba siku ile, akaona aibu kusema, akaunga kidogo akafunika. Mimi nimewahi kufunika mambo nikiwa na umri wake. Chakula cha usiku sikukimaliza, naye alikula chake chote, na hilo likanitisha zaidi.

Alhamisi nikamuuliza mjukuu wangu. "Mke mwenzangu, kile kipande chembamba kwenye begi kilikuwa cha nini?"

Akaniangalia. Uso wake ulibadilika taratibu, nikatamani nirudishe maneno.

"Cha sinki la kunawia, Bibi. Lile la mlangoni. Umenawa pale mara ngapi?"

"Nimeuliza tu."

"Umeuliza kama wao."

Ijumaa hakusema nami zaidi ya shikamoo. Nami sikuomba radhi, maana bado sikuwa na hakika. Naandika hivi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Jumamosi aliniamsha yeye. "Twende mapema. Kabla hawajaja nataka nione unavyojaza."

"Shoga yangu hataki mtu bafuni."

"Simtaki yeye. Abaki kitandani. Nakutaka wewe. Fanya kila kitu kama kawaida, Bibi, usiruke hata kimoja. Mimi nikija najaza kwa mikono yangu, halivuji. Ukijaza wewe linavuja. Basi tofauti ni mikono."

Nilikasirika. Nilimwambia mikono hii imemlea. Lakini nilikwenda.

Akasimama kwenye kona ya bafu, mikono nyuma. Mimi nikaweka kile kiti ndani ya beseni. Nikaziba tundu. Kisha, kama ninavyofanya siku zote, nikachomoa kiunoni kitambaa changu cha marekani, ile pamba nzito isiyotiwa rangi, nikakikunja mara mbili, nikakivisha mdomo wa bomba na kukikaza kwa uzi.

"Hicho nini?" akauliza.

"Chujio. Maji ya tangi lao yana tope jekundu, na wiki hii limezidi. Nimuogeshe mtu mgonjwa kwenye tope?"

Mama yangu alichuja maji kwa marekani, na mama yake pia. Nguo hiyo iliingia mji huu kwa vichwa vya wapagazi, na kila nyumba ilikuwa na kipande cha kuchujia. Bombani kwangu nakifunga, mtungini nakifunga. Kumaliza tu kuogesha nilikuwa nakifungua, nakisuuza, nakirudisha kiunoni nitoke nacho. Kwa hiyo kila fundi alipoingia alikuta mdomo mtupu. Kusema kilikuwepo hakukunijia akilini, kama ambavyo huwezi kusema ulipofungua mlango ulikuwa umevaa viatu.

Nikafungua maji. Kitambaa kikavimba kama shavu. Kwanza hakuna kitu. Tukasubiri. Tope likaanza kukipaka wekundu, na kadiri kilivyokuwa kizito ndivyo maji yalivyotoka kwa shida. Kutoka juu tone likaanguka. Likafuata jingine. Kisha mchirizi.

Mjukuu wangu akasogea. Akainama, akafungua fundo la uzi, kitambaa kikaanguka ndani ya beseni. Maji yakashuka yote kwa mshindo, na juu pakakatika. Akakivisha tena kwa mkono. Baada ya muda, tone. Akakitoa. Pakavu.

"Bomba lako si jembamba," nikasema.

"Nilikwambia."

"Ulinambia."

Nikakaa kwenye ndoo ile ile. Yeye akaegemea ukuta wake, ule wa marumaru, akasema, "Na mimi nilipaswa kukuuliza tangu Jumatatu. Nilikagua mdomo, sikumkagua Bibi."

Wakati ule mwenye duka aliingia na yule mzee, nyundo iko kwenye mfuko wa salfeti. Mzee akatusalimia, "Mwangaluka." Mjukuu wangu alifungua kinywa, nikamzuia kwa mkono. Kumdhamini nilimdhamini mbele ya watu, na hili lilikuwa langu.

"Fundi wangu hana kosa," nikasema. "Aliyebana maji ni mimi." Nikaokota kitambaa kikiwa kinachuruzika, nikakifunga mbele yao, nikafungua koki. Tulisimama wote wanne tukitazama bomba la mvua kama watu wanaosubiri hukumu. Lilipotoa tone, mzee akaguna.

"Nilisema chini kumebanwa," akasema.

"Ulisema ndani ya ukuta," mjukuu wangu akamjibu.

"Basi tugawane." Akamgeukia mwenye duka. "Nyundo hii narudi nayo. Bomba la binti ni sawa."

Mwenye duka hakumwomba radhi kwa maneno. Alimuuliza tope litachujwa vipi basi, na hilo mimi nililihesabu kuwa radhi. Mjukuu akamwambia chujio linafungwa kule nyuma, kwenye bomba linalotoka tangini, kabla maji hayajafika kwenye hita na miksa. Likiziba, maji yatapungua kote, lakini hayatapanda, na linafunguliwa kusafishwa. Mdomoni kusiwekwe kitu chochote. Alilisema hilo la mwisho akiniangalia mimi.

Alifunga chujio siku ile ile. Mchana nikamuogesha shoga yangu. Alikaa ameinamisha shingo, anasubiri tone, mpaka maji yakamfika magotini.

"Kumbe ulikuwa wewe unayeninyeshea," akasema.

"Inua mkono nikusugue."

Akauinua. Mkono wangu wa kulia tayari ulikuwa kiunoni, unatafuta kitambaa. Niliuacha pale kidogo, kisha nikachukua sabuni.