Mwavuli Mweusi na Doa la Njano

Chumba changu kilikuwa na wapangaji: katoni kumi na moja za miavuli. Mama aliileta mvua zilipoanza, ikamshinda kuuza, ikajaa dukani, ikahamia nyuma kwenye chumba nilichoahidiwa mimi. Nikabaki kulala kwenye kochi la sebuleni, lenye springi moja iliyokuwa ikinisalimia mbavuni kila nikigeuka. Mei ilipofika na mvua za Kasulu zikaanza kukata, Mama akaniita dukani.

"Nashusha bei," akasema. "Wewe si bingwa wa kuchora walimu wako? Leo chora kitu cha maana. Miavuli ikiisha kabla kiangazi hakijakaza, chumba chako. Isipoisha, utabaki na kochi lako mpaka Oktoba."

Nilikuwa kidato cha pili, na ubingwa wenyewe ulikuwa umenipa viboko vinne. Lakini chumba ni chumba. Akanipa plaiwudi nzima, kopo kubwa la rangi nyekundu iliyobaki baada ya kupaka mlango, na vikopo vidogo vya nyeupe, nyeusi na njano.

Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Punguzo ni habari moto. Moto ni mwekundu. Kwa hiyo nyekundu ikizidi, na punguzo litaonekana limezidi. Nikapaka ubao rangi nyeupe, halafu juu yake kila kitu nikakipiga nyekundu: mwavuli, familia ya watu sita chini yake, ng'ombe aliyejikinga nao, na mwalimu wa hesabu akilowa pembeni bila msaada. Bei ya zamani, 2,000, nikaiandika katikati na kuikata kwa alama ya X iliyotoka pembe moja ya ubao hadi nyingine. Bei mpya, 1,500, ilikosa nafasi, nikaibana chini ya ng'ombe.

Tukaliegemeza bango mlangoni. Nikakaa kusubiri msururu.

Watu walisimama kweli, ila ng'ambo ya barabara. Walitazama, wakatikisa vichwa, wakaondoka. Siku ya pili mama mmoja tuliyemfahamu kanisani akaja na viazi vitamu kwenye kikapu, akamshika Mama mkono na kumsalimia kwa Kiha.

"Mwakeye, mama. Pole sana. Tunawaombea."

"Pole ya nini?" Mama akauliza, lakini yule alishajifuta machozi na kuondoka. Tukala viazi bila kujua tumefiwa na nani.

Siku ya tatu kinyozi, jirani tuliyeshirikiana naye ukuta, akaanza kufungua skrubu za kioo chake.

"Unahama?" nikamuuliza.

"Mmepewa siku ngapi?"

"Za nini?"

"Usinifanyie utani wako leo. Ukuta wenu ukianguka, kioo changu kitapona?"

Akanyoosha bisibisi kuelekea bango. Hapo ndipo Mama akaelewa, mimi bado. Mwezi ule wapimaji walikuwa wamepita barabara ya kwenda Kibondo wakipiga X nyekundu kwenye kuta za nyumba zilizoingilia barabara. Kasulu nzima, hata mtoto asiyejua kusoma, ilijua X nyekundu inasema nini: hapa patabomolewa. Na X yangu ilikuwa kubwa kuliko zote.

"Kwa hiyo," Mama akasema polepole, "umenibomolea duka kwa brashi."

Nilicheka. Sikupaswa kucheka.

Kwa kinyozi alikuwepo fundi mmoja Mkongo kutoka kambi ya Nyarugusu, aliyekuja kumchorea vichwa vya mitindo ya nywele. Akaweka brashi yake chini, akaja kusimama mbele ya kazi yangu.

"Weye mutoto, minaangalia hii kitu yako tangu asubuyi. Bei iko wapi?"

"Hiyo hapo. Chini ya ng'ombe."

"Ile ni ng'ombe? Minafikiri ni meza. Fika ngambo ya barabara, funga macho nusu."

Nikavuka, nikakunja macho mpaka kope zikagusana. Ubao wote ukawa tope jekundu lenye X. Mwavuli, watu, ng'ombe, bei, vyote vilikuwa vimeyeyuka.

"Kwa hiyo nyekundu ni mbaya?" nikauliza niliporudi.

"Hapana. Nyekundu ni muzuri sana. Inaita mutu."

"Mbona hii imefukuza watu?"

"Sababu inaita pahali pote. Watu kumi wakikuita pamoja, utaenda kwa nani?"

Sikuelewa. Rangi ileile, kopo lilelile, leo inaita, jana inafukuza. Nilimwambia Mama kwamba labda fundi hajui Kiswahili vizuri. Mama akaniambia kwamba mimi sijui kuchora vizuri, nikamsikilize.

Tukaufuta ubao kwa rangi nyeupe na kungoja ukauke. Nikachora mwavuli mmoja mweusi, mkubwa, upande wa kushoto, bila mtu chini yake. Kumwacha mwalimu wa hesabu kuliniuma. Kulia chini, mahali ambapo mwavuli haufiki, fundi akanifanya nipake duara la njano la ukubwa wa sinia. Nilitaka kuandika bei papo hapo, akanishika mkono: njano ikiwa mbichi, nyekundu itaivuruga na zote mbili zitageuka chungwa. Tukangoja hadi kesho yake. Ndipo nikaandika 1,500 kwa nyekundu nzito, tarakimu nene kama vidole vya miguu. Bei ya zamani ikakaa juu yake, ndogo, nyeusi, imekatwa kwa mstari mmoja wa mshazari.

"Mmoja!" Mama akapiga kelele kutoka ndani. "Nikiona wa pili navunja ubao!"

Alipotoka akakuta nusu ya plaiwudi nyeupe tupu.

"Na hapa? Nimenunua ubao mzima. Weka hata beseni. Weka vijiko."

"Mama," fundi akasema, "ukiweka kijiko, watu wataangalia kijiko."

Nikavuka tena barabara na kukunja macho. Mwavuli ukabaki mwavuli, na njano ikaruka mbele kama imetoka nje ya ubao, na bei ndani yake. Nilirudia mara tatu nikitafuta ujanja ulipo. Tulikuwa tumetumia nyekundu kijiko kimoja tu.

Mchana ule, jua likiwaka, mwanamume mgeni kutoka kijijini Nyakitonto akafunga breki za baiskeli katikati ya barabara.

"Hiyo ya njano ni bei ya kweli?"

Akanunua miwili. Huyu hakuwahi kuona X yetu, kwa hiyo rangi zilikuwa zimefanya kazi yake, nikavimba kichwa. Lakini nyuma yake wakaja kina mama wa kanisani, kundi zima, wakiimba.

"Tumesikia mmesamehewa!"

"Hatukuwahi kupigwa X," nikawaeleza. "Ilikuwa ya bei."

"Mungu ni mkubwa," wakanijibu, na kila mmoja akachukua mwavuli kutupongeza. Siku zilizofuata walikuja wa njano na wa msamaha, nami sikuweza kuwatenganisha. Nilianza kuwauliza mlangoni, "Wewe umeletwa na nini?" Mama akanitishia ufagio.

Katoni zikaisha, ukabaki mwavuli mmoja wenye ubavu uliopinda. Mama akasema ahadi ni ahadi, na mmoja bado ni miavuli. Nikampelekea fundi uwe ahsante yake. Akaufungua, akautazama ule ubavu, akakunja macho nusu.

"Kwa mbali haionekane," akasema, akaondoka nao chini ya jua kali.

Nikarudi kumwambia Mama yote imeisha. Akafungua chumba, akachungulia kila kona, akanipa ufagio, safari hii kwa ajili ya kufagia.