Kalamu ya Naibu

Sijawahi kuogopa karatasi moja kama ile. Nilikuwa nafundisha Kiswahili gredi ya sita, shule moja hapa Kakamega, na darasani nilikuwa na msichana aliyejibu kila kitu kwa mdomo na kurudisha karatasi tupu kila mtihani. Ukimsomea hadithi atakusimulia hadi kikohozi cha babu. Mpe ukurasa asome mwenyewe, anatoa jasho.

“Mistari inanipoteanga, Mwalimu,” aliniambia. “Nikirudi sipati pale nilikuwa.”

Ana disleksia. Akili anayo, tena ya kugawia wengine, ila kusoma kunampa taabu. Naibu wa mwalimu mkuu hakutaka kusikia.

“Mtoto hasomi,” alisema. “Jumatatu anarudi gredi ya nne.”

Gredi ya nne ndiko alikokuwa mdogo wake. Msichana aliposikia hakulia. Aliniuliza tu kama wataketi dawati moja. Usingizi ukaniisha. Niliomba nafasi moja, nimpime kwa zoezi la ufahamu nililoliandaa mwenyewe. Naibu akakubali kwa masharti: ataketi nasi, majibu atayaandika yeye neno kwa neno, na mimi nisifungue mdomo. Alidhani nitamnong'onezea. Nilikasirika, nikakubali.

Hadithi sikuirahisisha. Ilikuwa ya gredi ya sita na maneno yake yote. Nilichobadilisha ni sura yake. Niliikata vipande vitatu, kila kipande kwenye karatasi yake, na maswali yake mawili papo hapo chini, asilazimike kufunua nyuma kutafuta. Herufi kubwa kiasi, zisizo na mapambo. Mistari mifupi, yenye nafasi ya kupumua, iliyoanzia pamoja kushoto na kuachwa iishie popote kulia. Hakuna maneno ya mlazo. Karatasi ya rangi ya maziwa, maana nyeupe ilimuumiza macho. Juu ya kila karatasi nikaandika: jibu kwa kusema, kwa kuonyesha, au kwa kuchora. Nilipima nafasi kwa rula hadi mume wangu akaniuliza kama nashona suti.

Ijumaa tuliketi ofisini, sisi watatu. Naibu aligeuzageuza karatasi. “Hii ni ya chekechea,” akaguna.

Kipande cha kwanza msichana alikisoma polepole, kidole chini ya mstari, akajibu yote mawili. Cha pili vilevile. Naibu aliandika bila kuinua uso. Nikaanza kupumua, na hapo ndipo nilipopaswa kuogopa zaidi.

Kipande cha tatu kilimhusu mjomba aliyekuja kutoka Likuyani. Naibu akasoma swali: mjomba alimletea mtoto zawadi gani?

“Karamu,” akasema msichana.

Naibu akaandika *karamu*, akaweka mkasi, ile alama ya kukosa. “Sherehe? Hapa hakuna mtu amepika.”

Kwenye karatasi nilikuwa nimeandika *kalamu*, na msichana aliisoma sawasawa. Ni ulimi tu. Huku kwetu l na r hubadilishana viti tukiongea, hata mimi nikisahau. Nilikuwa nimepima kila nafasi kwenye ukurasa, nikampa mtoto ruhusa ya kujibu kwa mdomo, na sikuufikiria mdomo wenyewe. Mjinga mimi. Ningeweza kuandika kitabu, ningeweza kuandika kofia! Sasa mtoto angeshushwa kwa kosa langu, na niliahidi kunyamaza. Nilimkodolea macho msichana hadi yakaniuma.

Alimtazama naibu, akatazama ule mkasi. Kisha akashusha macho juu ya karatasi, pale juu, akasoma tena kwa kidole: kwa kusema, kwa kuonyesha. Alinyoosha mkono mezani, akaichomoa kalamu kwenye vidole vya naibu na kuiinua juu.

“Hii,” akasema.

Hakuna mwanafunzi aliyewahi kumgusa mtu yule hata kivuli. Nilifumba macho nikingoja kishindo.

“Wewe!” akafoka. “Rudisha karamu yangu!”

Nilifumbua macho. Naibu alikuwa ameacha mdomo wazi, akisikiliza alichosema yeye mwenyewe. Msichana akamrudishia kalamu kwa mikono miwili, kwa adabu zote. Aliipokea, akafuta mkasi, akaweka tiki. Swali la mwisho alilisoma kwa sauti ya chini kabisa, na msichana akalipata.

Tulitoka nje.

“Mwalimu,” msichana aliuliza, “Jumatatu nakuja kwako?”

“Unakuja kwangu.”

Alitabasamu. Mimi sikuweza. Nilikuwa nakumbuka majibu yote ya mdomo niliyowahi kuyapiga mkasi kwa ajili ya ulimi tu, mwaka baada ya mwaka, na watoto walioketi chini bila kunyoosha mkono kuchukua kalamu yangu.