Swali la Pili

Mama Stempu alikuwa karani wa masjala ya mahakama, akigonga mihuri mchana na kusoma sheria jioni. Sisi wanafunzi wenzake tulimtania kwamba hata wanawe aliwazaa na muhuri. Alicheka, lakini hakuja pale kwa mzaha. Mdogo wake alikunywa dawa ya wadudu iliyotiwa kwenye chupa ya soda. Walipomfikisha hospitali, daktari wa zamu alisema kwa simu, bila hata kumwona, "Mrudisheni nyumbani, aje kesho." Akafa alfajiri. Mama Stempu akaapa kusoma sheria mpaka aishtaki ile hospitali, na mama yake mzazi akawa anamhesabia mihula.

Mhadhiri wetu wa sheria ya uzembe aliyajua yote. Nilikuwepo Mama Stempu alipompelekea ripoti ya mtaalamu wa sumu, bahasha ikiwa bado imefungwa, maana alishindwa kuifungua.

"Mwalimu, niambie ukweli. Kesi ipo?"

"Niachie dada yangu, nitaipitia."

Muhula mzima, kimya.

Siku ya mtihani nilikaa nyuma yake. Swali la pili: fundi bomba, chupa ya soda, dawa ya wadudu, daktari kwenye simu. Mstari wa mwisho: mtaalamu anathibitisha kwamba hata angelazwa papo hapo, dawa ya kuzuia sumu isingewahi. Swali: mpe ushauri mjane wa fundi. Mtu mzima na akili zake, amepewa msiba wa watu, kautungia mtihani! Mama Stempu aliweka kidole kwenye mstari ule wa mwisho: ndiyo ripoti aliyoshindwa kuifungua. Akifeli, angerudia mwaka. Kisha akaandika.

Karatasi yake niliisoma baadaye. Wajibu wa uangalifu upo, tangu mgonjwa alipofika mapokezi. Umekiukwa, kwani daktari makini angemwona. Madhara hayako mbali, maana kifo ndicho hasa mtu angekitazamia mgonjwa wa sumu akifukuzwa. Usababishi aliuacha mwisho, kinyume na tulivyofundishwa. Kama si uzembe ule, angepona? Hapana. Dai linaanguka.

Alama ishirini na tatu kati ya ishirini na tano.

"Hili ndilo jibu la mfano," mhadhiri alituambia, akiiinua karatasi ile.

"Mwalimu, ripoti yangu ulikuwa nayo tangu muhula unaanza," Mama Stempu alisema.

"Si nimeshakujibu, dada?"

Wengine wakacheka. Nilikichukia kicheko kile, na nikajichukia mimi niliyenyamaza.

Nilimsindikiza kwao. Mama yake, bibi mzee, alikuwa kizingitini, kasimama.

"Umefaulu, mwanangu?"

"Nimefaulu, mama."

Bibi akapiga kigelegele, akatushika mikono sote wawili.

"Basi kesho twende tukawashtaki."

Mama Stempu akanyoosha mkono kumzuia. Bibi alikuwa keshaingia ndani kutafuta viatu vyake vizuri.