Lori la Tangawizi na Mashine ya Misemo

Niliamini kwa moyo wote kwamba Dar es Salaam kuna mashine ya kuhesabu misemo. Unailisha insha, inaitafuna, halafu inalia mara moja kwa kila msemo. Isipolia vya kutosha, umefeli, hata kama umeandika mambo mazito kuliko katiba. Habari hizi nilipewa na muuza miwa wa stendi ya Same, ambaye binamu yake aliiona kwa macho yake.

Mchana nilikuwa nafagia ghala la tangawizi, jioni nasoma. Bosi alishaniambia kwamba ukarani wa pale ni wa mwenye cheti cha kidato cha nne. Nisipokipata, ufagio ni wangu mpaka niote mvi. Kiswahili kilikuwa kimeshaniangusha mara mbili. Safari hii niliogopa kiasi kwamba nikiona neno mtihani kwenye gazeti lililofungiwa maandazi, maandazi yenyewe hayapiti kooni.

Aliyetufundisha alikuwa mama mmoja mstaafu, jioni jioni, kwenye darasa la shule ya msingi lenye madawati ya kukunja magoti mpaka kidevuni. Akatupa mada ya kujipima: siku niliyoogopa. Nikasema hapa nimefika. Niliwahi kupanda lori la tangawizi likitoka Vudee, breki zikakataa kwenye mteremko. Nikaiandika siku ile na kuipamba kama bibi harusi. Jua lilichomoza likitabasamu. Ndege waliimba nyimbo za furaha. Kufumba na kufumbua nikawa natetemeka kama unyasi, na damu ikatapakaa kama maji.

Mwalimu aliisoma akiwa amesimama kando yangu, kalamu ikining'inia.

"Damu ya nani?"

"Hakuna aliyeumia, mwalimu."

"Na hao ndege?"

"Sikuwasikia. Injini ilikuwa inanguruma."

Fundi cherehani wa dawati la nyuma akasema labda ndege ndio waliokuwa wanaendesha. Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka kuliko wote, ila kwapa zilikuwa zimelowa.

Mwalimu hakucheka. "Kata kila sentensi ambayo ingeweza kuandikwa na mtu ambaye hakuwemo kwenye lile lori," akasema. "Kitakachobaki ndicho chako."

Nikakata jua, nikakata ndege, unyasi na damu. Kurasa mbili zikabaki mistari mitatu: nilipanda lori, breki zilikataa, tulisimama. Nikaitazama ile karatasi tupu na kuiona mashine ya Dar imenyamaza kimya, na ufagio unanisubiri mlangoni.

Akaniuliza nilijuaje kwamba breki hazipo. Nikamwambia ni kwa utingo, msaidizi wa dereva, aliyekuwa juu ya magunia pamoja nasi akiimba, kisha akaacha kuimba katikati ya neno. Akaniambia niandike hivyo hivyo. Akauliza pua yangu ilinusa nini. Harufu ya breki zilizoungua, imechanganyika na tangawizi mbichi. Mikono yangu ilikuwa wapi? Nilikuwa nimeng'ang'ania shingo ya mama mmoja nisiyemjua, mwenye beseni la ndizi, mpaka dereva aliposhusha gia na kulielekeza lori ukingoni upande wa mlima, likajikwaruza na kusimama. Upande wa pili hapakuwa na kitu, ni bonde tu. Yule mama akaniambia taratibu, "Mwanangu, tumesimama. Niachie nipumue."

Niliandika hayo yote, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile nikaogopa upya. Nilipoandika kutetemeka kama unyasi sikuogopa hata kidogo. Sasa nilipofika kwenye utingo kunyamaza, kalamu iliteleza kwa jasho, na miguu ikakanyaga breki chini ya dawati. Nilipoisoma mbele ya darasa hakuna aliyecheka. Fundi cherehani aliuliza kwa sauti ndogo kama utingo alipona.

Lakini hofu ya cheti haikuniacha. Wiki ya mtihani nilimfuata mwalimu uani kwake, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku akichambua mchicha. Nikamweleza habari za mashine, na kwamba nimepanga kurudisha misemo kumi hivi kwa usalama.

Aliweka mchicha chini.

"Baba, hakuna mashine. Mimi nimesahihisha ile mitihani. Ni walimu, tumekaa kwenye viti, tunasoma kwa macho. Msemo ukikaa mahali pake hauna ubaya. Lakini jua linalotabasamu limo kwenye kila karatasi, na tukiliona tunajua mwandishi bado hajaanza kusema. Andika kilichotokea."

Niliingia kwenye mtihani bila msemo hata mmoja wa akiba.