Hapana ya Rangwi

Meneja wangu alikuwa na maneno machache, na hayo machache yote yalikuwa mabaya. Mimi nilikuwa mnunuzi wa hoteli moja juu ya Lushoto, yeye bosi. Mtu akileta pendekezo la kutuuzia kitu, meneja alijibu mwenyewe kwa simu, huku anatafuna. Siku hiyo alikijibu kikundi cha akina mama wa kijiji cha Rangwi walioomba kutuletea mboga. Aliandika: "Hatuhitaji. Msisumbue."

Nikamwambia, "Bosi, hao ni watu wazima. Hata salamu?"

"Nimewaoa?"

Damu ilinichemka. Hapana yenyewe ilikuwa haki, sikatai. Tulikuwa na mkataba na mzabuni mwingine mpaka mwezi wa sita, na wale mama hawakuwa na usajili wala risiti. Lakini saladi ya mfano waliyoleta ilikuwa nzuri kuliko majani yaliyonyauka tuliyokuwa tukipokea kila wiki. Na mwenyekiti wao alikuwa ameniambia kwamba miche iko kitaluni, saladi na brokoli, inangoja jibu letu iingie shambani kabla ya masika. Nani Rangwi anakula brokoli? Wangepanda kisha sisi tusinunue, shamba la msimu mzima lingeliwa na mbuzi.

Kesho yake mwenyekiti alipiga simu ya ofisi. Nilimsikia mpaka ng'ambo ya meza. Meneja akaikata, akanigeukia. "Haya, wewe mwenye huruma. Waandikie kwamba tutawasiliana, yaishe."

"Hiyo ni mbaya kuliko tusi," nikasema. "Huku juu mtu akiambiwa tutawasiliana na mtu wa hoteli, anapanda."

"Shauri yao."

"Shauri yako pia, mwezi wa sita ukitafuta mboga."

Akasonya. Niliandika nilivyoona mimi:

"Mama Mwenyekiti na wanakikundi, habari za kazi. Tunaomba radhi kwa ujumbe wa jana. Tumesoma pendekezo lenu, na msimu huu jibu ni hapana. Tafadhali msipande kwa ajili yetu. Tuna mkataba unaoisha mwezi wa sita, na hatuwezi kumlipa asiye na usajili na risiti. Saladi yenu ilitupendeza sana. Mkiweza, leteni pendekezo jipya mwezi wa tano, pamoja na usajili, na mtueleze mzigo utafikaje barabara ikiharibika. Hatuahidi kununua, ila tutalipima sawa na ya wengine."

Meneja akaisoma, akataka kufuta radhi. "Mimi siombi radhi kwa wauza mchicha."

"Basi usisaini. Nasaini mimi." Nikasaini, nikachukua bodaboda mpaka Rangwi, maana simu zetu mwenyekiti hakuzipokea tena.

Nilimkuta kitaluni na wenzake, majembe mkononi. "Shikamoo mama." Akanitazama kama mdudu aliyeingia kwenye unga. Kwetu shikamoo ya mtu haiachwi hewani, hata ya adui. Yangu aliiacha.

"Jana matusi, leo karatasi," akasema. "Kesho mtaleta polisi?"

"Mama, nisikilize tu, kisha unifukuze."

"Soma."

Nikasoma wote wakiwa wamesimama. Nilipofika kwenye "msipande kwa ajili yetu," mama mmoja akaguna, mwingine akatupa jembe chini. Mwenyekiti akaninyooshea mkono nikomee hapo, akawageukia akasema nao kwa Kishambaa, haraka haraka. Shamba la saladi liwe la viazi. Miche ya brokoli ing'olewe, atakayeweza akauze Lushoto sokoni. Hakuna aliyebisha. Waliinama pale pale wakaanza kung'oa, nami nikaona aibu ambayo haikuwa yangu peke yangu.

"Endelea," akasema. Nikamaliza: usajili, barabara, mwezi wa tano.

"Kwa hiyo hamjaahidi kitu."

"Hatujaahidi, mama."

"Afadhali." Akaikunja ile barua, akaifutika kwenye kanga. "Maana yule mwenzako alitufukuza kama kuku, na hata hatukujua kama ni leo tu au ni milele. Usajili tutaufuata. Barabara ikikatika, tutabeba kichwani mpaka palipo na gari, tumezoea."

"Basi mwezi wa tano nitawapigia kuwakumbusha."

"Piga wewe," akasema, keshainama kwenye miche. "Akipiga yule, sipokei."